Msituambie Filamu Imekufundisheni Nini

Wiki hii tulialikwa kufungua tamasha dogo la filamu katika skuli moja ya wasichana hapa kisiwani. Wengi wenu mlituomba tuyaweke hapa tuliyoyasema, kwa sababu watoto wenu walirudi nyumbani wakibishana, na nyinyi mkataka kujua chanzo cha ubishi. Hotuba ni hii, tumeipunguza kidogo tu. Kama hamjaiona filamu ya Kiirani iitwayo *Watoto wa Peponi*, iangalieni kwanza, kwani humu tunausema mwisho wake.

*

Mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi, na nyinyi mabinti mliojaa ukumbini.

Mkimaliza kuangalia filamu skuli, mwalimu husimama akauliza: umejifunza nini? Mikono inapaa. Tumejifunza kusaidiana. Tumejifunza kuwatii wazazi. Tumejifunza kutokata tamaa. Mwalimu anafurahi, kengele inalia, mnatoka. Sisi tuna ugomvi na swali hilo, na walimu watusamehe kwa kuwa tunausema mbele yao. Jibu la kusaidiana na kuwatii wazazi mngeweza kulitoa hata kama mlisinzia tangu mwanzo hadi mwisho. Ni jibu linalofaa filamu zote, kwa hiyo halisemi kitu juu ya filamu yoyote.

Tungependa muulizwe jambo jengine: filamu imekufanya uhisi nini, dakika gani, na imefanya vipi hata ukahisi? Swali hili hulijibu kwa kusinzia.

Tuchukue filamu mliyoonyeshwa madarasani wiki iliyopita, ambayo leo mtaiona tena. *Watoto wa Peponi* iliongozwa na Majid Majidi na ikatoka 1997. Ndiyo filamu ya kwanza ya Iran kuingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Oska kwa filamu za lugha za kigeni, lakini hilo si letu leo. Letu ni viatu.

Mnakikumbuka kisa. Ali anapeleka viatu vya mdogo wake Zahra kwa fundi, na njiani kurudi anavipoteza. Nyumbani hakuna pesa, mama mgonjwa, kodi ya nyumba inadaiwa. Watoto wanakubaliana kimya kimya kwamba watavaa jozi moja ya raba za Ali kwa zamu. Zahra anaingia skuli asubuhi, Ali mchana. Nyinyi mnaokwenda skuli za mikondo miwili mlicheka palepale, maana mnayajua yale mbio ya saa sita mmoja akitoka na mwengine akiingia. Zahra anatoka mbio, anamkuta kaka kwenye kichochoro, wanabadilishana viatu, na Ali anachelewa mara kwa mara.

Halafu yanatangazwa mashindano ya mbio, na mshindi wa tatu atapewa, pamoja na zawadi nyengine, jozi ya raba. Ali anamuahidi dada yake kuwa atashika nafasi ya tatu. Si ya kwanza wala ya pili.

Sasa tukuulizeni. Mlipokuwa mnaangalia zile mbio, mlimuombea Ali nini?

Mwalimu wenu ametuambia kuwa darasa zima lilikuwa linapiga kelele: punguza! punguza! Mtoto masikini anakimbia kwa nguvu zake zote, miguu imemuuma, ameangushwa akainuka, na nyinyi mnamuombea asishinde. Na aliposhinda, mlilia. Yeye mwenyewe alipobebwa juu, alimuuliza mwalimu wake kama ametoka wa tatu, na alipojibiwa kuwa ni wa kwanza, uso wake ukaanguka. Wapiga picha wanamtaka ainue kichwa, naye hainui.

Fikirini jinsi jambo hili lilivyo geni. Tangu mkiwa wadogo mmefundishwa kufurahia wa kwanza. Namba moja darasani anapigiwa makofi, na kwenye mashindano ya kusoma Qur-ani wa kwanza ndiye anayetajwa mitaani. Filamu ya muda wa saa moja na nusu imekuchukueni mkaiona nafasi ya kwanza kuwa ni msiba. Nani aliyekufanyieni hivyo, na kwa vifaa gani? Hapo ndipo tunapotaka mkae leo.

Kifaa cha kwanza ni kujua. Tazameni nani anajua nini. Watu waliojaa uwanjani wanaona mtoto anakimbia. Mwalimu wa michezo anaona heshima ya skuli yake. Wewe peke yako, pamoja na Ali na Zahra, ndiye unayejua habari ya raba. Siri hiyo mlipewa mapema sana, siku ile watoto walipoandikiana kwenye madaftari mbele ya baba yao, wakijifanya wanafanya kazi ya skuli. Muongozaji angeweza kuwapeleka nje wakaongea. Aliwaweka chumba kimoja na baba, akakuacha wewe usome waliyoandikiana. Tangu dakika ile wewe si mtazamaji tena, umekuwa mshiriki wa siri, na mwenye siri huwa anahofu pamoja na mwenziwe. Kama filamu ingekuficha habari ya viatu mpaka mwisho, mbio zile zile, kwa picha zile zile, zingekuwa mbio za kawaida tu.

Kifaa cha pili ni mahali kamera inapoangalia. Filamu inaanza na mikono ya fundi inashona kiatu kidogo chakavu. Inakaa hapo muda mrefu, mpaka mtu anajiuliza kulikoni. Sindano inaingia, uzi unavutwa. Hakuna aliyesema kuwa kiatu hiki kina thamani, lakini ukikalishwa ukitazame kiatu muda wote huo, kinakuwa na thamani. Baadaye, Zahra anapopanga mstari skulini, kamera inashuka chini na kuonesha miguu ya wasichana, mmoja baada ya mwengine. Mkiwa mnaangalia leo, hesabuni mara ngapi mnaoneshwa miguu pale ambapo filamu nyengine ingekuonesheni nyuso. Mtaacha kuhesabu kabla ya nusu ya filamu.

Kifaa cha tatu ni mkato, yaani pale picha moja inapokatwa na kuungwa na nyengine. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Mrusi mmoja aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa muigizaji, uso mtulivu usiosema kitu, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na maiti ya mtoto jenezani, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kuwa watu walimsifu muigizaji kwa jinsi alivyoonesha njaa, huzuni na hamu. Uso ulikuwa ule ule. Maana ilizaliwa kwenye kiungo, na waliokizalisha ni watazamaji wenyewe. Kwenye mbio za Ali, picha yake anayekimbia inakatwa kwa picha za Zahra akikimbia kichochoroni na viatu visivyomkaa, na sauti yake inasikika. Zahra hayupo uwanjani, yuko nyumbani anasubiri. Lakini kwa mkato ule, kila hatua ya Ali imekuwa hatua ya Zahra. Mwendo nao umepunguzwa, ili mpate nafasi ya kuogopa.

Mkishaona hivi, mtu atasema: basi tumedanganywa. Hapana. Hapa ndipo wengi wanapopotea wakianza kuangalia kwa makini. Wanadhani kuangalia kwa macho wazi ni kutafuta makosa: huyu kavaa mtandio vibaya, lile gari si la zama zile, mvua ile ya mpira. Wengine wanageuka wazuia raha, kila mtu analia wao wanasema "ah, kamera tu hiyo." Kujua kuwa biriani imetiwa zafarani hakuipunguzi ladha. Mpishi akila biriani ya mwenziwe anaifaidi zaidi, kwa sababu anajua kilichotiwa na kilichosahauliwa.

Na tuulize kilichosahauliwa, maana swali hilo ndilo gumu kuliko yote. Kwenye mbio zile wanakimbia watoto wengi. Je, mmoja wao aliyetoka wa nane, yeye alikuwa anakimbilia nini? Nyumbani kwao kuna nini? Filamu haikusema, na wewe hukuuliza. Yule aliyechukua nafasi ya tatu na kupata raba, mlimkasirikia, kweli au si kweli? Hamjui hata jina lake. Huenda naye alikuwa na dada. Filamu imeelekeza huruma yetu yote kwa mtoto mmoja, na haina njia nyengine, kwa sababu muda ni dakika tisini na moyo wa mtu ni mmoja. Hatumlaumu Majidi. Tunasema tu kuwa kila filamu ikikuonesha mlango mmoja imekufungia mingine, na mwenye kuangalia kwa makini huitazama ile iliyofungwa japo kwa muda mfupi.

Majidi mwenyewe, tukiwa wakweli, ametuachia mlango mmoja wazi. Zahra anaviona viatu vyake kwenye miguu ya msichana mwengine skulini. Anamfuata hadi nyumbani, kisha anarudi na Ali ili wavidai. Wanajificha na kutazama. Anatoka yule msichana akimshika mkono baba yake, na baba ni kipofu. Ali na Zahra wanatazamana, wanageuka, wanaondoka. Hakuna neno lililosemwa. Hapa filamu imefanya kinyume cha ilichofanya kwenye mbio, imemgeuza mpinzani kuwa mtu mwenye nyumba. Kama mngeulizwa mmejifunza nini hapo, mngesema "huruma", mkakaa chini. Lakini angalieni kuwa huruma ile haikuhubiriwa. Mliikamilisha nyinyi wenyewe katika ule ukimya wa kutazamana, na ndiyo maana imekukaeni.

Kuna kitendo chengine kidogo ambacho wengi hamkukitaja mlipoulizwa. Baba yao yuko sakafuni anavunja sukari ya msikiti, amezungukwa na rundo zima. Zahra anamletea chai, naye anaomba sukari. Mtoto anashangaa: si hiyo mbele yako? Baba anamwambia kuwa ile ni amana, si yao. Kisha filamu inaendelea na mambo mengine. Hakuna muziki wa kukuambia ulie, wala sauti ya mzee anayetoa wasia. Sisi tunaona kitendo hicho kinasema juu ya amana zaidi ya hotuba nyingi tulizozisikia, na kinasema kwa sababu hakikukazwa. Linganisheni na tamthilia za jioni, ambazo mtu mwema akiingia tu mlango muziki unaanza. Muziki ukikuambia mapema uhisi nini, jiulizeni kwa nini mwenye kazi hakuiamini picha yake.

Bila shaka hatuwezi kujua nia ya kila kitu. Pengine kamera imewekwa mbali kwa sababu chumba ni kidogo. Pengine uso wa mpita njia umeachwa kwa bahati, kwani katika baadhi ya sehemu za mjini Tehran Majidi alizipiga picha kamera zikiwa zimefichwa, ili watu waendelee na mambo yao kama kawaida. Hilo lenyewe ni la kubishania: wale wapita njia hawakujua kuwa wanapigwa picha. Je, ni sawa? Mkiwa na simu mikononi, swali hilo ni lenu zaidi kuliko la Majidi. Kwa hiyo msiseme "muongozaji alikusudia" kwa kila jambo. Semeni "picha hii imenifanya hivi", kisha oneshani ni ipi.

Tuna sababu ya kulibeba jambo hili mpaka hapa, nayo haihusu Iran. Kwenye ukurasa wetu tunaandikiwa na mabibi harusi. Wanatutumia video ya harusi ya mtu, dakika nne, wakisema "nataka yangu iwe hivi hivi." Ndani ya dakika nne kuna shela inapepea, kuna mikono yenye hina, mume anageuka polepole, mama anafuta machozi, na kaswida laini juu ya yote. Huyo bi harusi ameangalia video ile mara thelathini. Ameshaanza kuona kuwa mchumba wake hageuki polepole vya kutosha. Sisi huwa tunamuuliza mambo mawili tu. Siku ya harusi ilikuwa na saa ngapi, na hizo nyengine zimekwenda wapi? Na ile picha ya mama anafuta machozi, unajua alikuwa analilia nini? Huenda alikuwa anacheka. Huenda ni moshi wa udi. Imewekwa baada ya picha ya binti anayeondoka, basi imekuwa machozi ya kuagana, kama supu ya Kuleshov. Wapo waliokopa pesa kwa ajili ya kuziishi dakika nne za watu wengine. Wapo waliokuja kuvunjika moyo na waume wazuri kwa sababu ya tamthilia ambayo mume huwa hana kazi isipokuwa kusimama dirishani akimtazama mkewe. Hizo nazo ni filamu, na hazina mwalimu wa kusimama mwisho akauliza swali lolote.

Bibi zetu, zama za majumba ya sinema pale Mjini, walikuwa na maonesho ya wanawake peke yao. Walivaa mabuibui wakaenda kuangalia picha za Kihindi, na hadithi haikuishia mlangoni. Walirudi nayo, wakaibishania kwenye mabaraza: yule mama mkwe alikuwa na haki au hana? Sisi leo tunaangalia kila mmoja na skrini yake, vipokea sauti masikioni, na ubishi umekufa. Tamasha hili, kwa maoni yetu, faida yake kubwa ni kuwa mmekaa wengi mbele ya kitambaa kimoja, na mtatoka na ya kubishania.

Basi kazi ya leo ni ndogo. Filamu mtaiangalia yote kwa raha zenu, bila kalamu, na anayetaka kulia alie. Baada ya mapumziko na sala tutarudia zile mbio peke yake, mara tatu. Ya kwanza kama ilivyo. Ya pili sauti itazimwa, na kila picha inapobadilika mpige kofi moja juu ya meza, mtasikia wenyewe makofi yanapokaribiana na yanapoachana. Ya tatu mtafumba macho, msikilize tu. Kisha kila mmoja ataandika sentensi mbili: ni picha gani iliyomfanya atake Ali asishinde, na angeiondoa picha hiyo ingekuwaje. Mtakaohitilafiana mtakaa pamoja, si mbalimbali.

Na kuna jambo moja la kuliwinda. Kabla ya filamu kwisha, baba anaoneshwa na baiskeli yake, kwa muda mfupi sana. Tazameni alichobeba. Wengi wenu wiki iliyopita hamkukiona, tumeambiwa, na kwa hivyo mlitoka mkidhani filamu imeishia na Ali peke yake, miguu yake yenye malengelenge ndani ya bwawa, samaki wekundu wakimzunguka. Ali hajui alichobeba baba yake. Waliokiona na wasiokiona wameangalia miisho miwili tofauti, na tungependa kusikia kila upande unaitetea wa kwake.

Mwalimu, taa.